Maumivu Yalianza Saa Ngapi?
Barua ya rufaa ya mgonjwa wa kifua, kutoka zahanati ya kijiji hadi mezani kwa daktari

Karatasi ya rufaa inapofika mapokezi ya hospitali, mara nyingi imeshakunjwa mara nne na kulowa jasho la ndugu aliyeishika njia nzima. Ukiikunjua unakuta mistari miwili: "Mgonjwa analalamika maumivu ya kifua. Ametibiwa bila nafuu. Tafadhali mpokeeni kwa msaada zaidi." Chini yake kuna sahihi na mhuri. Daktari akimaliza kuisoma amejua jambo moja tu, nalo angelijua hata bila karatasi, kwamba mtu huyu anaumwa kifua. Hajui maumivu yalianza saa ngapi, presha ilikuwaje asubuhi, wala kama mgonjwa ameshachomwa sindano huko alikotoka. Ikiwa kinachouma ni moyo, hayo matatu yanaweza kuamua mgonjwa atibiwe vipi, na hospitali haina mashine ya kuyapima kwa kurudi nyuma. Yalionekana zahanati peke yake, na kama hayakuandikwa huko yamepotea.

Tuisome basi barua ya namna nyingine. Mgonjwa wake, muuguzi wake na zahanati yake ni vya mfano, vimetungwa kutokana na mambo ya kawaida katika vituo vya afya vya vijijini Tanzania. Karatasi kama hizi huandikwa zaidi kwa Kiingereza cha hospitalini. Hapa imewekwa kwa Kiswahili.

DHARURA: MAUMIVU YA KIFUA, NASHUKU SHAMBULIO LA MOYO

Kwa daktari wa zamu, idara ya dharura, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kutoka kwa muuguzi wa zamu, zahanati ya kijiji, kilomita 52. Tumeongea kwa simu saa 2:10 asubuhi (08:10).

Mwanamume, miaka 58, mkulima na mfugaji. Maumivu yasiyokatika yalianza leo alfajiri saa 11 (05:00) akienda zizini. Anasema: "Kinabana hapa katikati, kinashuka mpaka chembe ya moyo." Yanapanda tayani na bega la kushoto. Ametokwa na kijasho cha baridi, ametapika mara mbili, chakula tu, hakuna damu. Siku tatu zilizopita alibanwa kifua akipanda mlima, akipumzika kikaachia. Leo hakiachii.

Hana kikohozi, hana homa. Kubonyeza kifua hakuongezi maumivu. Miguu haijavimba. Hajawahi kupata kiharusi, hajafanyiwa upasuaji wala kuumia kichwa karibuni, hajawahi kutapika damu wala kupata choo cheusi. Havuti sigara sasa, aliacha miaka miwili iliyopita. Hajui kama ana presha au kisukari. Hana mzio wa dawa anaoujua.

Saa 1:50 (07:50): presha mkono wa kulia 142/88, wa kushoto 140/86, mapigo 58, pumzi 22, oksijeni 95%, joto 36.6, sukari 11.2. Saa 2:25 (08:25): presha 118/76; mapigo 52; oksijeni 95%. Maumivu bado yapo.

Nyumbani: dawa ya maji ya vidonda vya tumbo, vijiko viwili, saa 12 (06:00), hakupata nafuu. Hapa: aspirini miligramu 300, ametafuna, saa 1:55 (07:55). Kanula mkono wa kushoto. Hajachomwa sindano yoyote ya msuli. Hajatumia dawa za kienyeji wala za nguvu za kiume.

Naomba: kipimo cha umeme wa moyo mara afikapo, na uamuzi wa dawa ya kuyeyusha damu. Ameondoka saa 2:40 (08:40) kwa gari la kukodi, akiwa na mhudumu wa afya na mkewe. Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi.

Barua imeishia hapo. Inajaa ukurasa mmoja, na anayejua anachokitafuta anaweza kuiandika huku akisubiri gari lifike. Karibu kila mstari wake una kazi ambayo msomaji wa kawaida hawezi kuiona kwa haraka.

Kwa nini moyo, wakati anashika tumbo

Ndugu waliomleta mgonjwa huyu walishakata shauri kwamba ni vidonda vya tumbo, na hawakuwa wajinga. Maumivu yalishuka chembe ya moyo, alitapika, na ni mtu aliyewahi kusumbuliwa na kiungulia. Lakini upande wa chini wa moyo umekaa juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Mshipa unaolisha sehemu hiyo ukiziba, maumivu husikika chini, tumbo huchafuka, na mapigo ya moyo mara nyingi hupungua kasi badala ya kuongezeka. Mtu mwenye maumivu makali kwa kawaida mapigo yake hukimbia. Huyu, anayetokwa na jasho na kukunja uso, ana mapigo 58, na nusu saa baadaye 52. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo iliyomshtua muuguzi kuliko maneno yote ya mgonjwa.

Shambulio la moyo hutokea pale donge la damu linapoziba mmojawapo wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Msuli uliokatiwa damu huanza kufa taratibu, na unaendelea kufa kwa saa kadhaa. Maumivu yake kwa kawaida hubana au hulemea katikati ya kifua, hudumu zaidi ya dakika ishirini, na huweza kupanda shingoni, tayani, mgongoni au mkononi. Ile hadithi ya siku tatu za kubanwa kila anapopanda mlima na kuachiwa akipumzika inamwambia daktari kwamba mshipa ulikuwa umeshaanza kuwa mwembamba kabla ya kuziba leo.

Wanawake, wazee sana na wenye kisukari wanaweza wasipate maumivu makali hata kidogo. Wao huja na uchovu wa ghafla, kukosa pumzi au kichefuchefu tu. Ndiyo maana sukari ya 11.2 imeandikwa barua ikihusu kifua. Huenda mgonjwa huyu ana kisukari ambacho hajawahi kuambiwa.

Angalia pia kile muuguzi alichoandika kwamba hakukikuta. Kutokuwapo kwa homa na kikohozi kunaisogeza mbali nimonia. Miguu isiyovimba inapunguza, ingawa haiondoi, hofu ya donge la damu lililosafiri kutoka mguuni hadi mapafuni. Presha imepimwa mikono yote miwili kwa sababu kuna ugonjwa mwingine wa kutisha, kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu, ambao huweza kufanya presha ya mkono mmoja ipishane sana na ya mwingine. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya kuyeyusha damu anaweza kufa palepale. Tofauti ya 142 na 140 si kitu. Ingekuwa 142 na 105, muuguzi angeandika jambo jingine kabisa kwenye kichwa cha barua.

Hata hivyo hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Kuna watu ambao kifua chao kikibonyezwa kinauma na bado moyo ndio mgonjwa. Kuna waliokunywa dawa ya vidonda wakapata nafuu kidogo, na bado mshipa ulikuwa umeziba. Kwa hiyo muuguzi hakuandika "ana shambulio la moyo". Ameandika "nashuku", na akaacha vipimo vimalize. Neno hilo limemtosha daktari kumweka mgonjwa mbele ya foleni. Angeandika "vidonda vya tumbo", mgonjwa angepelekwa kukaa benchi la wagonjwa wa nje akiwa na kadi mkononi. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa dharura katika hospitali kubwa ya Moshi walikuta kwamba wengi wenye shambulio la moyo walipewa jina la ugonjwa mwingine, na wachache tu ndio waliopewa aspirini. Kama hayo hutokea hospitali kubwa, ni rahisi kuelewa uzito wa kichwa cha barua kinachotoka kijijini.

Saa 11 ipi?

Kosa la hatari zaidi katika barua kama hii laweza kuwa la kalamu. Mgonjwa anasema maumivu yalianza saa kumi na moja. Muuguzi mwenye haraka anaandika "11:00" na kuendelea. Daktari aliyezoea saa za hospitali, zinazohesabiwa kutoka usiku wa manane, anaisoma kama saa tano. Na kwa kuwa mgonjwa ameondoka zahanati kabla ya saa tano asubuhi, anahitimisha kwamba ni saa tano ya usiku wa jana.

Tuhesabu. Mgonjwa wetu alifika hospitali saa 4:30 asubuhi, yaani 10:30. Kama maumivu yalianza saa 11 alfajiri, zimepita saa tano na nusu. Kama yalianza saa 5 usiku, zimepita saa kumi na moja na nusu. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu kuanza, na faida yake ni kubwa zaidi katika saa tatu za mwanzo. Baada ya saa 12 msuli mwingi umeshakufa, faida inakuwa ndogo, na hatari ya kuvuja damu iko palepale. Daktari anayeamini kwamba zimebaki dakika thelathini, na bado hajapima wala kuchanganya dawa, anaweza kuamua kuiacha kabisa. Mgonjwa mwenye nafasi nzuri atakuwa ameinyimwa kwa sababu ya tarakimu mbili.

Kwa hiyo muuguzi aliandika saa mara mbili, ya Kiswahili pamoja na "alfajiri", kisha 05:00. Katika simu aliyopiga kabla gari halijaondoka, daktari naye alilirudia swali.

"Sista, maumivu yalianza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Dokta."

"Alfajiri ya leo?"

"Ya leo. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshaadhiniwa, ndio anatoka kwenda kukamua."

Adhana imesaidia kuliko saa ya ukutani. Mgonjwa aliyebanwa na maumivu hatazami saa, ila anakumbuka alikuwa akifanya nini. Kuulizwa "ulikuwa unafanya nini yalipokushika?" humpa jibu la kuaminika zaidi ya kuulizwa saa. Na lazima atenganishe maumivu ya kuja na kuondoka ya siku tatu na haya ya leo yasiyokatika, kwa sababu hesabu ya saa 12 huanza na haya ya mwisho.

Saa hiyohiyo ndiyo inayokipa maana kipimo kingine. Msuli wa moyo unapokufa humwaga protini iitwayo troponini kwenye damu, lakini inachukua saa kadhaa kuongezeka kiasi cha kuonekana. Kipimo cha damu kilichochukuliwa mapema kikitoka safi, hakimwachilii mgonjwa; kinarudiwa baada ya saa tatu hadi sita. Daktari asiyejua maumivu yalianza lini hawezi kujua kama majibu safi ni ya kweli au ni ya mapema.

Kidonge kimoja, na sindano iliyokataliwa

Dawa pekee yenye uzito aliyokuwa nayo muuguzi huyu ni aspirini. Kidonge cha miligramu 300, au vinne vya miligramu 75, hutafunwa badala ya kumezwa kizima ili kiingie kwenye damu haraka. Aspirini haiyeyushi donge lililokwishaganda. Kazi yake ni kuzuia chembe ndogo za damu zisiendelee kushikamana na kulikuza donge hilo. Uthibitisho wake ni wa zamani na wenye nguvu: mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 katika nchi 16. Waliopewa aspirini peke yake, vifo vilipungua kwa karibu robo katika wiki tano za mwanzo. Waliopewa streptokinasi, dawa ya kuyeyusha donge, nao walipata nafuu ya kiasi kama hicho. Waliopewa zote mbili, vifo vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Kabla ya kumpa, muuguzi aliuliza kuhusu mzio, kutapika damu na choo cheusi kama lami. Mtu anayevuja damu tumboni hapewi aspirini kienyeji. Na kwa kuwa amempa, ameandika kipimo na saa, ili hospitali isimrudishie kipimo kamili cha pili kwa kutojua.

Jambo gumu zaidi asubuhi ile lilikuwa kutompa kitu ambacho mgonjwa alikitaka.

"Mwanangu, nichome sindano ya maumivu nirudi nyumbani nikalale," alisema.

"Baba, hii ya leo haitaki sindano. Tafuna hiki, kaa hivyohivyo, usiinuke."

Sindano ya diklofenaki kwenye tako ni jambo la kila siku vijijini, na wagonjwa wengi huona hawajatibiwa wasipochomwa. Kwa mgonjwa huyu ingemdhuru kwa njia mbili. Kwanza, dawa za kundi hilo hazifai kwa moyo uliokatiwa damu. Pili, tundu la sindano ndani ya msuli ni jeraha. Streptokinasi haichagui, inayeyusha donge lililoziba mshipa wa moyo na pia donge dogo linaloziba tundu la sindano. Saa moja baada ya dawa kuanza, tako linaweza kuvimba na kujaa damu, na hakuna mahali pa kufunga bandeji ya kubana. Kanula ya mkononi ni tofauti, kwa sababu ikivuja unaikandamiza kwa kidole.

Kwa hiyo ule mstari "hajachomwa sindano yoyote ya msuli" unampa daktari ruhusa. Na kama angekuwa amechomwa, iwe hapo zahanati au duka la dawa, ingepaswa kuandikwa vilevile, pamoja na upande. Anayeificha ili asilaumiwe anamwacha daktari gizani wakati ambapo uamuzi bado ungeweza kubadilishwa.

Swali la dawa za nguvu za kiume aliliuliza mke akiwa ametoka nje. Hospitali zina kidonge cha kuweka chini ya ulimi ambacho hutanua mishipa na kupunguza maumivu ya kifua. Aliyetumia dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku moja au mbili zilizopita, akiwekewa kidonge hicho, presha yake huweza kuporomoka ghafla. Mzee wa miaka 58 hatasema mbele ya mkewe na wanawe, kwa hiyo faragha ya dakika moja ni sehemu ya uchunguzi.

Presha iliyopimwa mara mbili

Vipimo vya mara moja vinaonyesha hali ya mgonjwa kwa dakika ile tu. Vipimo viwili vinaonyesha anakoelekea. Saa 1:50 presha ilikuwa 142/88. Saa 2:25 ilikuwa 118/76. Ukiisoma ya pili peke yake utasema ni presha nzuri. Ukiisoma baada ya ya kwanza unaona imeshuka pointi 24 katika dakika 35, na mapigo nayo yanapungua.

Daktari wa zamu aliposoma hayo kwenye karatasi alianza kufikiria upande wa chini wa moyo. Shambulio la upande huo wakati mwingine huenea hadi chumba cha kulia cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mapafuni. Chumba hicho kikidhoofika, moyo hutegemea sana damu inayorudi kutoka mwilini ili uendelee kujaa. Kidonge cha chini ya ulimi hupunguza damu hiyo inayorudi. Dawa ambayo kwa mgonjwa mwingine wa kifua ni ya kawaida, kwa huyu ingeweza kumwangusha. Bila kile kipimo cha kwanza, hospitali ingemwona mtu mwenye presha 118 na isione sababu ya kusita.

Oksijeni hakuwekewa, na si kwa sababu mtungi haukuwepo. Kwa mgonjwa wa moyo ambaye oksijeni yake ya damu ni asilimia 90 au zaidi, kuongezewa hakumletei faida. Aliwekwa nusu ameketi na hakuruhusiwa kutembea hata hadi kwenye gari. Vijana wanne walimbeba kwenye kiti.

Gari liende wapi

Kwa utaratibu wa rufaa Tanzania, zahanati hupeleka wagonjwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Katika mfano wetu kituo cha afya kilikuwa kilomita 14 tu. Lakini hakikuwa na mashine ya kipimo cha umeme wa moyo, na kumshusha huko kungekuwa kusubiri upya, kuandikiwa karatasi nyingine na kutafuta gari la pili. Katika dharura ngazi zinaweza kurukwa, na simu ndiyo iliyoruka. Muuguzi aliuliza maswali mawili: mashine inafanya kazi leo? Dawa ya kuyeyusha damu ipo? Hospitali nyingi ndogo hazina streptokinasi, na hata inapokuwepo inaweza kuwa imeisha. Angejibiwa hapana, safari ingeelekezwa kwingine kabla gari halijawashwa.

Njia nyingine ya kuuzibua mshipa ni kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni na kuufungua kwa puto. Huduma hiyo inatolewa mahali pachache, kama vile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Ndiyo bora zaidi, ila kanuni ya madaktari ni kwamba inatangulizwa pale inapoweza kufanyika ndani ya takriban saa mbili. Kwa mtu aliye milimani, umbali wa siku nzima ya barabara, dawa iliyo jirani inashinda puto lililo mbali. Safari ya kwenda kwenye mrija hufuata baadaye.

Gari la wagonjwa la eneo lile lilikuwa limempeleka mzazi. Mfumo wa m-mama, unaoitwa kwa namba 115, uliundwa kwa ajili ya kina mama na watoto wachanga, kwa hiyo mkulima mwenye maumivu ya kifua hubaki akitegemea gari lililopo kijijini. Ndugu walikodi, na mhudumu wa afya akapanda na mashine ya presha, karatasi na maelekezo ya kupiga simu mgonjwa akizimia. Muuguzi hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa peke yake zamu. Hilo ni pengo la kweli. Moyo ukisimama njiani, mhudumu ana mikono yake tu ya kukandamiza kifua, na barua nzuri haiwezi kuliziba pengo hilo.

Kile daktari alichofanya na karatasi

Mgonjwa aliingia saa 4:30. Kwa kuwa simu ilitangulia, hakupita dirishani kwanza. Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kiwe kimefanyika ndani ya dakika kumi. Kwake kilifanyika ndani ya dakika nane, na mistari ya upande wa chini wa moyo ilikuwa imeinuka. Daktari alihamishia nyaya kifuani upande wa kulia kuangalia kile chumba cha pili, kisha akarudi kwenye karatasi na kuweka alama mstari mmoja baada ya mwingine: kiharusi hapana, upasuaji hapana, kuumia kichwa hapana, kuvuja damu hapana, sindano ya msuli hapana, presha haijafika 180. Maswali hayo huulizwa kila mgonjwa kabla ya streptokinasi, na kumuuliza upya mtu anayetapika kwa maumivu kungechukua muda. Aliyathibitisha kwa haraka na mke, akampa mgonjwa dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, akaanzisha streptokinasi, uniti milioni moja na nusu kwa saa moja.

Katikati presha ilishuka, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya mara kwa mara. Walipunguza kasi, wakamwongezea maji ya mshipani, presha ikapanda. Baada ya saa moja na nusu tangu waanze, maumivu yalikuwa yamepungua sana na mistari iliyoinuka kwenye karatasi ya mashine imeshuka zaidi ya nusu. Hizo ndizo alama mbili zinazoonyesha mshipa umefunguka. Si kila mgonjwa huzipata. Kwa baadhi donge halitoki, na kwa wachache, chini ya mmoja katika mia, dawa huleta damu kuvuja kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo hakuna daktari anayeitoa kwa kubahatisha saa.

Siku mgonjwa aliporuhusiwa, daktari aliandika karatasi nyingine ya kurudi zahanati. Marejesho haya yamo katika utaratibu, lakini mara nyingi hayaandikwi, au huandikwa yakabaki kwenye faili. Safari hii yalisema: shambulio la moyo upande wa chini, kisukari kimethibitishwa, aspirini miligramu 75 kila siku bila kukatisha, pamoja na dawa ya pili ya kuzuia kuganda, ya lehemu na ya sukari, asitumie diklofenaki wala dawa za jamii yake, amepewa streptokinasi, kwa hiyo akiugua tena hospitali ielezwe, kwa kuwa mwili hutengeneza kinga dhidi yake na haifai kurudiwa. Mwisho aliandika: "Mapigo 52 na presha inayoshuka ndiyo yaliyotufanya tusimpe kidonge cha chini ya ulimi."

Muuguzi aliibandika nakala kwenye daftari la rufaa. Mgonjwa mwingine akija anashika chembe ya moyo na kutapika, anayekuwa zamu atamshika mkono kwanza na kuhesabu mapigo, kisha atauliza alikuwa akifanya nini maumivu yalipomshika.